Jinsi ya kutengeneza filamu ya muda halisi: dakika 24 za hadithi ndani ya dakika 24 za filamu

Filamu ya muda halisi ni ile ambayo saa ya mhusika na saa ya mtazamaji zinatembea pamoja, dakika moja kwake ni dakika moja kwako, hakuna "kesho yake asubuhi", hakuna kuruka kutoka nyumbani hadi kazini kwa kukata tu picha. Watu wengi wakisikia hivyo wanadhani lazima kamera isizimwe toka mwanzo mpaka mwisho, na hapo ndo wanapotea kabla hata hawajaanza. Hivyo ni vitu viwili tofauti. High Noon ya 1952 ya Fred Zinnemann imekatwa vipande kibao kama filamu yoyote ile, ila saa za ukutani zinaonyeshwa tena na tena na muda wa hadithi unaenda karibu sawa na muda wa kukaa kwenye kiti, mlinda sheria wa mji anasubiri treni ya saa sita mchana na wewe unaisubiri naye. Halafu chukua 1917 iliyotoka 2019, ile inaonekana kama shoti moja ndefu lakini katikati askari anapoteza fahamu na akizinduka ni usiku, kwa hiyo masaa yameliwa hapo, sio muda halisi.

Zipo zinazofanya yote mawili, mfano Victoria ya 2015 ya Sebastian Schipper, dakika kama 138 Berlin kwenye mapambazuko, shoti moja kweli kweli, na iliyotumika ni ile waliyojaribu mara ya tatu. Hiyo ni kazi ya watu wenye bajeti ya kufunga mitaa na waigizaji waliofanya mazoezi mpaka basi. Mimi naongelea ile ya kukata, maana ndo inayowezekana na kamera moja na watu watano, na kusema kweli kazi yenyewe ngumu iko kwenye hesabu ya dakika, sio kwenye kamera.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Banda umiza, usiku, mechi iko dakika ya 68, watu 60 wamelipa kiingilio, na Salum mwenye banda anaangalia mita ya LUKU anaona uniti zinaisha. Filamu ya dakika 24.

Hatua ya kwanza: tafuta kitu kinachopungua chenyewe

Usianze na "nataka filamu ya dakika 24". Anza na tukio ambalo lenyewe lina urefu wake na mwisho wake ambao hakuna mtu ndani ya hadithi anaweza kuusogeza. Treni inafika saa sita. Majibu ya daktari yanatoka saa fulani, kama kwenye Cléo de 5 à 7 ya Agnès Varda ya 1962, mwimbaji anazunguka Paris akisubiri majibu ya vipimo na kila sura imeandikwa imeanza saa ngapi imeisha saa ngapi, na ingawa jina linasema saa tano mpaka saa saba kwa saa za kizungu, filamu inaishia kama saa 6:30 kwa sababu ina dakika 90 tu. Varda hakulazimisha masaa mawili.

Kwangu mimi kitu kizuri zaidi ni kile kinachopungua kwa kasi ambayo mhusika anaweza kuigusa kidogo, akafanya ipungue polepole lakini kwa gharama. Bomu lenye saa halina ladha hiyo, linahesabu tu. Umeme wa LUKU unayo, na hesabu yake mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Tuseme ndani ya banda kuna vitu vifuatavyo na wati zake ukizikadiria: televisheni 150, amplifaya na spika 100, king'amuzi 20, taa 40, feni nne zikijumlishwa 240, friji la soda 150. Jumla 700, yaani uniti 0.7 kwa saa. Filamu inaanza mita inasoma 0.16. Kwa mzigo wote huo umeme unazima baada ya dakika kama 13 na nusu, na mechi imebaki dakika 22 bila kuhesabu za nyongeza. Hapo tayari una filamu, maana Salum anaweza kununua muda kwa kuzima vitu, ila kila anachozima kuna mtu kitamuuma.

Dakika ya 3 ya filamu anazima friji. Mpaka hapo zimetumika kama 0.035, imebaki 0.125, na mzigo umeshuka kuwa wati 550, kwa hiyo akitulia hivyo umeme utafika dakika ya 16 na nusu. Haitoshi. Dakika ya 9 anazima feni, watu 60 ndani ya mabati, kelele zinaanza. Kwenye zile dakika sita zimekwenda 0.055, imebaki 0.07, mzigo sasa ni wati 310, na ukigawa unapata dakika 13 na nusu zaidi. Yaani giza linaingia filamu ikiwa dakika ya 22 na nusu, mechi ikiwa ya 90 na nusu. Dakika za nyongeza zimeanza tu. Namba hizi nilizichezea mpaka zikakaa hivyo, na wewe utafanya hivyo hivyo, ukibadilisha mzigo au uniti za kuanzia mpaka zima-zima iangukie pale inapouma, ila ukishazipata usiziguse tena kwa sababu kila kitu kingine kitabebwa nazo.

Hatua ya pili: funga milango yote, mmoja mmoja

Hiki ndo kitu ambacho waandishi wa filamu za kawaida hawakijui mpaka kiwaume. Kwenye filamu ya kawaida ukiruka masaa mawili mtazamaji naye anaruka na maswali yake. Kwenye muda halisi amekaa pale pale na mhusika, hana pa kwenda, kwa hiyo anaanza kutatua tatizo yeye mwenyewe, na akiona njia ambayo Salum hajaiona basi umemkosa, atabaki anasema "si apige simu tu" mpaka filamu inaisha.

Salum kwenye simu yake ana shilingi mia tatu, hela zote za kiingilio ziko keshi kwenye kopo. Sawa, anamtuma Juma, dogo wa miaka 12 anayekusanya chupa, akanunue LUKU kwa wakala. Hapo swali la kwanza linakuja: wakala akishanunua si amtumie Salum tokeni kwa meseji, kwa nini dogo akimbie kurudi? Kwa hiyo Salum ana haraka, anamwandikia namba ya mita kwenye kipande cha karatasi na hamwandikii namba ya simu, na Juma hajaishika kichwani. Mtazamaji lazima aione ile karatasi wakati inaandikwa, namba moja tu, sekunde tatu zinatosha, ili baadaye Juma akiwa kwa wakala akiulizwa namba ya simu akae kimya, tuelewe bila kuelezwa.

Swali la pili: watu 60 wana simu, hakuna hata mmoja mwenye hela? Mwanzoni Salum anawaficha kwa sababu wakijua watadai kiingilio chao, lakini feni zikizimwa siri imetoka, na lazima mtu ajitolee. Mzee Kondo wa benchi la mbele anasema "lete namba ya mita nikununulie, utanipa baadaye". Hela inakatwa, tokeni haiji. Meseji inasema ombi linashughulikiwa. Kila aliyewahi kununua umeme usiku wa mechi anaijua hiyo hali, huhitaji kuielezea, na imekupa dakika tatu nzima za watu kuangalia simu ya mzee badala ya mechi.

Fanya zoezi hili kabla ya skripti: msimulie mtu hadithi kwa mdomo na mwambie akatize kila akiona njia ya kutokea. Kila njia aliyotaja lazima ifungwe ndani ya picha, na ifungwe kabla mtazamaji hajaifikiria au sekunde chache tu baada. Ukifunga dakika tano baadaye umechelewa.

Hatua ya tatu: daftari la dakika

Chukua daftari, mistari 24, kila mstari ni dakika moja, na safu moja kwa kila mhusika ambaye anaweza kuachwa na kamera. Kwetu ni wawili, Salum na Juma. Ukimwacha Juma kwa dakika tano ukiwa na Salum, basi Juma ameishi dakika tano huko aliko, hajasimama kukusubiri.

Pima umbali kwa miguu, usikadirie ukiwa umekaa. Tafuta mtoto wa umri ule ule, mwambie akimbie, shika simu uhesabu. Kwenye mfano wetu Juma anatoka dakika ya 4:00. Wakala wa kwanza yuko mita 400, anafika 6:30, amefunga. Wa pili yuko mita 700 mbele, ameshaanza kuchoka, anafika 11:30. Foleni na kuhesabu hela na kuandika ile tokeni kwenye karatasi vinamla dakika nne na nusu, anaondoka 16:00. Kurudi ni mita 1,100, akichanganya kukimbia na kutembea ni dakika saba na ushee, anaingia bandani 23:10. Umeme ulizima 22:30. Amechelewa sekunde 40.

Sasa angalia daftari linakuambia nini ambacho kichwa hakikukuambia. Kati ya 11:30 na 16:00 Juma amesimama kwenye foleni, na kati ya 10:00 na 13:00 Mzee Kondo anahangaika na simu bandani, maana yake huwezi kukaa sana kwa Juma kabla ya 13:00, ila baada ya hapo una nafasi ya kwenda kwake ukamkuta foleni haijasogea. Na ukiwa kwake 14:00, mechi inaendelea pia pale kwa wakala kwenye redio, iko dakika ya 82. Lazima iwe ya 82. Mtu mmoja akikosea akaandika 85 kwenye maneno ya mtangazaji, filamu nzima inavuja.

Kwenye skripti ya kizungu kuna ile kanuni ya ukurasa mmoja ni dakika moja. Kwetu usiitegemee, maneno yetu ni marefu na watu wetu wanasalimiana. Soma kwa sauti, simama, fanya vitendo, hesabu. Kuingiza tokeni ya LUKU tu, tarakimu 20, gizani, kwa tochi ya simu, mkono unatetemeka, mpe nusu dakika, na kama unataka akosee tarakimu moja arudie mpe dakika nzima. Sisi hatuna dakika nzima. Kuanzia 23:10 mpaka 24:00 ni sekunde 50, kupokea karatasi kumi, kuingiza thelathini, zimebaki kumi. Kwa hiyo kukosea hakupo, hata kama kungekuwa kutamu.

Dakika zilizokufa

Kuna dakika daftari litakuonyesha hazina kitu, kwetu zilikuwa kama 17 mpaka 20, Salum ameshafanya yote anayoweza na anasubiri tu. Kishawishi ni kuongeza tukio, ugomvi, polisi, mtu kuzimia. Usifanye. Hizo ndo dakika ambazo aina hii ya filamu inafanya kitu ambacho nyingine haziwezi, mtu anasubiri na wewe unasubiri naye, ila subira lazima iwe na kitu kidogo cha kufanya mikononi. Salum anaanza kurudisha hela kwa mtu mmoja mmoja kimya kimya nyuma ya banda? Anahesabu kopo akiona hazitoshi kwa sababu amempa Juma elfu tano? Mimi nilichagua hilo la pili, dakika moja na nusu ya kuhesabu mia tano mia tano, na namba haitimii, anahesabu tena. Ni tukio dogo lakini linatuambia ana deni bila mtu yeyote kusema neno deni.

Hilo linagusa tatizo la historia ya mhusika. Huna muda wa kurudi nyuma, hakuna "miaka mitatu iliyopita". Kila tunachojua kuhusu Salum kinaingia kwa mlango au kwa simu. Locke ya Steven Knight ya 2013 imebebwa na hilo tu, Tom Hardy anaendesha gari usiku kuelekea London, wengine wote ni sauti kwenye simu, na maisha yake yote yanavunjika kwa dakika 85 bila yeye kushuka. Kwenye dakika 24 nakushauri simu moja tu, fupi. Ukizidisha inakuwa tamthilia ya redio.

Hatua ya nne: tengeneza sauti kuu kabla ya kushika kamera

Hapa ndo siri ya kazi yote, na wengi wanafanya kinyume. Kabla ya kupiga picha hata moja rekodi sauti ya mtangazaji wa mechi, dakika 24 mfululizo, faili moja, kuanzia dakika ya 68 mpaka ya 92. Mechi ya kubuni, timu za kubuni, mtangazaji ni rafiki yako mwenye mdomo. Matangazo halisi ya televisheni yana wenyewe na haki zake zitakugharimu kuliko filamu nzima, kwa hiyo kioo cha televisheni usikionyeshe kabisa, piga nyuso za watu zinazokiangalia, zina mengi zaidi. Andikia mtangazaji alama chache ambazo hazihami: kona dakika ya 71, kadi ya njano ya 77, anataja muda uliobaki ikifika ya 85, goli linalokataliwa ya 88.

Faili hilo linakuwa saa yako. Siku ya kupiga picha unalicheza kwenye spika za banda kutoka dakika husika, watu 60 wanaitikia kitu kimoja kwa wakati mmoja, halafu ikifika sehemu yenye mazungumzo unalizima kwenye spika na muongozaji anabaki nalo sikioni, anapungia mkono pale watu wanapotakiwa kushtuka. Ukiliacha likilia wakati Salum anaongea, sauti itaingia kwenye maiki na huwezi tena kukata maneno yake bila kumkata na mtangazaji.

Na kumbuka 22:30 umeme unazima, mtangazaji anakatika katikati ya neno. Kuanzia hapo mechi inasikika kwa mbali tu, kutoka banda la mtaa wa pili ambalo lina umeme. Wanapiga kelele ya goli. Hatujui la nani. Rekodi kelele hiyo ukiwa umesimama mbali kweli, mita mia hivi na ukuta katikati, kelele ya karibu iliyopunguzwa sauti kwenye kompyuta haidanganyi mtu.

Hatua ya tano: kupiga picha

Chagua usiku au ndani. Huku kwetu karibu na ikweta jua likishazama giza linaingia kwa dakika ishirini na kitu, kwa hiyo filamu ya dakika 24 ya magharibi inakupa nafasi moja kwa siku, ukikosea unarudi kesho na mawingu yamebadilika. Hata Hitchcock kwenye Rope ya 1948, iliyopigwa ndani ya studio na anga la kutengenezwa nyuma ya dirisha, alirudia sehemu za mwisho kwa sababu rangi ya machweo ilitoka chungwa kupita kiasi. Sisi mechi yetu inaanza saa 1 usiku, ukiweka mapumziko na dakika chache za nyongeza kipindi cha kwanza, dakika ya 68 inaangukia kama saa 2:25. Giza limetulia, adhana ya isha imeshapita, simu ikionekana iandike 20:25.

Piga kwa mpangilio wa hadithi, vipande vya dakika tatu mpaka nne, na kila kipande kianze nusu dakika kabla ya kile kilichopita kuisha. Hiyo nusu dakika ya kupishana ndo itakuokoa kwenye kuhariri. Mpangilio wa hadithi ni lazima kwa sababu moja ya mwili: jasho. Feni zikizimwa dakika ya 9 watu wanaanza kulowa taratibu, shati la Salum dakika ya 12 halifanani na la dakika ya 20, na ukipiga ya 20 kwanza halafu ya 12 huwezi kulikausha likaonekana sawa. Zima feni kweli. Usimwagie watu maji.

Mwisho wa kila kipande piga picha ya mnato ya kila kitu kinachobadilika chenyewe: soda zimefika wapi kwenye chupa, nani amekaa benchi gani, simu ya Mzee Kondo ina asilimia ngapi, mita inasoma ngapi. Mita tengeneza ya bandia, kasha na kioo kidogo unachoweza kubadilisha namba, halafu andika kwenye daftari inatakiwa isome nini kila dakika. Dakika ya 3 ni 0.125, mita yenye tarakimu mbili baada ya nukta itaonyesha 0.12, dakika ya 9 ni 0.07, dakika ya 16 ni kama 0.03. Kuna watu watasimamisha video kuangalia, hao wapo siku zote.

Hatua ya sita: kuhariri bila kusogeza

Fungua taimlaini mpya, weka sauti kuu chini, ifunge isihame. Kwa fremu 25 kwa sekunde dakika 24 ni fremu 36,000 na hazizidi. Kila kipande kinakaa pale sauti inaposema kikae.

Kama umepiga kwa simu kuna kitu kitakutesa. Simu nyingi zinarekodi kwa kasi ya fremu inayopanda na kushuka, kwa hiyo kipande cha dakika nne mwishoni kinakuwa kimeachana na sauti kidogo, mdomo unaenda na maneno yanafuata nyuma. Kibadilishe kila kipande kabla ya kukiingiza:

```
ffmpeg -i kipande07.mp4 -vf fps=25 -c:v libx264 -crf 16 -c:a copy kipande07_25.mp4
```

Halafu inakuja ile siku ambayo kuna sekunde nane mbaya katikati ya mazungumzo, mwigizaji amesahau mstari, na unataka kuzikata. Kwenye filamu ya kawaida unakata na vyote vya mbele vinasogea nyuma. Hapa ukisogeza, watu wanasimama kabla goli la dakika ya 88 halijafika. Kwa hiyo unakata zile nane na kuziba shimo lake kwa nyuso za watu bandani, au kwa Juma, ambaye muda huo anakimbia na hajali sekunde. Ndo maana siku ya kupiga picha unatakiwa kukusanya nyuso nyingi kwa kila hali: feni zikiwaka, feni zimezimwa, jasho jingi. Uso mkavu ukiuweka dakika ya 18 utaonekana.

Kudanganya kupo, tusijifanye. Juma kukimbia mita 1,100 unaweza kumla hata dakika nzima, kwa sababu tukiwa na Salum hakuna anayemhesabia hatua. Sheria ni kwamba unadanganya upande ambao kamera haipo. Ukikata sekunde mbili ndani ya chumba kimoja, kwa mtu yule yule, pembe ile ile, jicho linaruka na mtazamaji hatajua ni nini ila ataacha kuiamini saa yako.

Sauti ya mazingira ndo gundi. Friji linanguruma mpaka 3:00 halafu linanyamaza, feni zinavuma mpaka 9:00 halafu zinanyamaza, kwa hiyo una sauti tatu za chumba, kila moja irekodi dakika mbili watu wakiwa kimya, uzitandaze bila kukatika chini ya kila kipande. Watu hawatasikia friji likilia. Watasikia likizima.

Kabla ya kutoa faili la mwisho kaa na mtu ambaye hajui hadithi, simamisha ghafla kwenye dakika ya 14 na umuulize mambo mawili: Juma yuko wapi sasa hivi, na zimepita dakika ngapi. Kama la kwanza hajui, rudi uongeze sekunde za Juma mapema, pengine pale wakala wa kwanza alipofunga. Kama la pili anasema ishirini, kipande kati ya 9 na 14 kimelegea, mara nyingi ni mazungumzo yanayorudia kitu tulichokiona tayari kwa macho, na dawa ni kuyatoa na kuweka nyuso, urefu ule ule. Akisema nane au tisa usiguse kitu.

Jina la filamu liweke juu ya picha ambayo tayari inatembea, ndani ya zile dakika mbili za kwanza Salum akiwa bado hajaiona mita, au liweke kwenye weusi kabla ya 0:00. Usilikatishie katikati. Majina ya waliofanya kazi yaanze 24:00 kamili, na kama unataka sauti ya mechi iendelee chini yake mtangazaji lazima awe amerekodi dakika hizo pia, kwa hiyo mwambie mapema asiishie kwenye ya 92.